Mwalimu mpya na hesabu ya saa zake

Kazi inayomwelemea mwalimu katika miaka yake ya kwanza si ile ya kusimama darasani. Vipindi vina kengele: vinaanza na kuisha. Kinachomfuata hadi nyumbani ni kazi isiyo na kengele, hasa kuandika maandalio ya masomo na kusahihisha madaftari. Hizo mbili ndizo zinazokula jioni zake na Jumapili yake, na ndizo zinazoweza kupunguzwa bila mwanafunzi kupoteza kitu. Makala haya yanazungumzia shule ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania, ambako mwalimu mpya hupokea mzigo huo mzima tangu wiki ya kwanza. Hoja yake ni kwamba msongo wa mwalimu huyo kwa sehemu kubwa ni suala la saa. Saa huhesabika, na hesabu ikishafanyika huonekana wapi pa kukata na wapi pa kuweka mpaka.

Chanzo cha tatizo kiko chuoni. Mwanachuo anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo hupewa vipindi vichache kwa wiki, na kila kimoja hukiandikia andalio kamili, kwa sababu mkufunzi anakuja kulikagua na kulitolea alama. Huko anajifunza kwamba kipindi kimoja ni andalio moja, na kwamba daftari lililosahihishwa vizuri ni lile lenye wino mwekundu kila mstari. Akiajiriwa, anabeba mazoea hayo hadi kwenye ratiba yenye vipindi mara tatu au nne ya vile alivyozoea. Hakuna aliyemwambia kwamba andalio la chuoni lilikuwa zoezi la kujifunza kupanga, na kwamba kupanga kwa kazi ya kila siku kuna taratibu zake.

Ili hesabu ionekane, tumchukulie mwalimu wa Kiswahili aliyepangiwa mikondo minne ya Kidato cha Kwanza, A hadi D, na mikondo miwili ya Kidato cha Pili. Kila mkondo una wanafunzi 50 na unapata vipindi vinne kwa wiki, vikiwa vimeunganishwa viwiliviwili. Kipindi kimoja ni dakika 40. Hivyo ana vipindi 24 kwa wiki, sawa na saa 16 za kufundisha, na anaingia darasani mara 12, kila mara kwa dakika 80.

Akiandika andalio kwa kila mara anayoingia darasani, na kila andalio likamchukua dakika 40, anatumia saa 8 kwa wiki kuandika. Akitoa zoezi moja kwa wiki kwa wanafunzi wote 300, na kila daftari likamchukua dakika tatu, anatumia saa 15 kusahihisha. Ukijumlisha na saa za darasani unapata saa 39. Hapo hajajaza rejesta, hajahudhuria kikao, hajasimamia mtihani, hajashika zamu. Na bado hajatoa insha hata moja. Insha ya ukurasa mmoja huchukua kama dakika nane kusomwa na kusahihishwa kikamilifu. Akiwapa wote 300 kwa wiki moja, ni saa 40 za kusahihisha peke yake. Mwalimu anayesema hana muda wa kutoa insha si mvivu. Amepiga hesabu hiyo kichwani na kuikimbia.

Sasa tuangalie upande wa pili. Ratiba ya shule hiyo ina vipindi vinane kwa siku, yaani 40 kwa wiki. Ukitoa 24 vya kufundisha, zinabaki nafasi 16, sawa na saa 10 na dakika 40. Huo ndio muda ambao shule imempa kwa kazi za nje ya darasa. Lengo la kupanga vizuri ni kuzifanya kazi hizo zienee humo.

Mahali pa kwanza pa kukata ni kwenye andalio la somo. Mikondo minne ya Kidato cha Kwanza hufundishwa mada ileile kutoka azimio la kazi lilelile. Kwa hiyo, ingawa mwalimu anaingia darasani mara 12, masomo yaliyo tofauti ni manne tu kwa wiki: mawili ya Kidato cha Kwanza na mawili ya Kidato cha Pili. Maandalio manne, kwa dakika 40 kila moja, ni saa 2 na dakika 40. Saa 5 na dakika 20 zimeokolewa kabla hajagusa kitu kingine.

Andalio la pamoja hubadilika sehemu mbili tu. Juu, mahali pa tarehe, darasa, muda na idadi ya wanafunzi, huchorwa jedwali lenye safu nne, moja kwa kila mkondo, na idadi ya waliohudhuria hujazwa siku ya kipindi. Chini, mahali pa tathmini, kila mkondo hupewa mstari wake. Katikati, hatua za somo zinabaki zilezile.

Kinachookoa muda zaidi ni kuwa na mifupa ya somo isiyobadilika kila wiki. Chukua somo la kutofautisha kivumishi na kielezi. Dakika 10 za kwanza, sentensi mbili huandikwa ubaoni: “Mtoto mzuri anasoma” na “Mtoto anasoma vizuri”, na wanafunzi huulizwa maneno “mzuri” na “vizuri” yanaeleza nini. Dakika 25 mwalimu anafafanua kwa mifano. Dakika 30 wanafunzi wawiliwawili wanachambua sentensi kumi. Dakika 10 majibu yanapitiwa ubaoni, na dakika tano za mwisho kila mmoja anaandika sentensi zake mbili. Wiki ijayo mada itakuwa nyingine, lakini mgawanyo wa 10, 25, 30, 10 na 5 unabaki. Mwalimu hafikirii tena somo litaendaje. Anafikiria sentensi za kufungulia na maswali kumi ya kazi ya wawiliwawili, na hapo ndipo akili yake inapohitajika.

Njia hii ina faida nyingine ambayo andalio la kila kipindi halina. Jumatatu, mwalimu akiwa Kidato cha Kwanza A, anagundua kwamba nusu ya darasa wanadhani kila neno linalofuata kitenzi ni kielezi, hata katika “Anapenda mzuri”. Anaandika kosa hilo kwenye mstari wa tathmini wa mkondo A, na Jumanne anaongeza sentensi hiyo kwenye mifano ya mkondo B. Hadi afike D, somo limeshanyooka. Mkondo A nao hausahauliki, kwani dakika 10 za ufunguzi wa somo lao linalofuata zinatumika kurudia kosa hilo. Mwisho wa mada andalio huwekwa kwenye faili pamoja na maelezo hayo, na mwaka unaofuata linakuwa nusu ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Tahadhari ziko mbili. Ya kwanza ni kunakili. Mwalimu mpya mara nyingi hupewa azimio la kazi la mwenzake aliyetangulia, naye huanza kulifuata neno kwa neno. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu kuanzia Januari 2024, kwa hiyo azimio la miaka ya nyuma linaweza kuwa limetokana na muhtasari usiotumika tena kwa darasa lake. Azimio la kurithi lisomwe sambamba na muhtasari wa sasa, mada kwa mada, kabla ya andalio la kwanza kuandikwa. Kazi hiyo ya mchana mmoja wakati wa likizo huzuia muhula mzima wa kufundisha kitu kisichohitajika.

Ya pili ni ukaguzi. Walimu wengi huogopa kwamba mwalimu wa taaluma au wathibiti ubora wa shule watalikataa andalio la pamoja. Hofu hiyo huondolewa kwa kuuliza mapema. Mwalimu huandaa andalio moja la mfano, anampelekea mkuu wa idara na mwalimu wa taaluma, na kupata ridhaa yao kabla ya kulifanya utaratibu. Kinachomfikisha mwalimu pabaya ni ile tabia ya kuandika maandalio ya wiki nzima Ijumaa jioni, baada ya vipindi kupita, ili kitabu kionekane kimejaa. Andalio la namna hiyo halimsaidii mwanafunzi wala mwalimu, na tathmini zake huwa na sentensi moja inayojirudia: somo limeeleweka.

Mahali pa pili pa kukata, na ndipo penye saa nyingi zaidi, ni kwenye madaftari. Kanuni ni kutenganisha mazoezi ya aina mbili. Zoezi lenye jibu moja sahihi, kama kubainisha aina za maneno, kujaza nafasi au kutaja wingi wa nomino, halihitaji jicho la mwalimu kwa kila daftari. Wanafunzi hubadilishana madaftari, majibu hutolewa ubaoni, na kila mmoja husahihisha la mwenzake kwa penseli na kuandika jina lake chini. Kisha mwalimu anakusanya madaftari 10 kati ya 50, anayapitia kwa dakika mbili kila moja, anaweka sahihi na tarehe. Kwa mikondo sita ni madaftari 60, sawa na saa mbili. Wiki inayofuata anachukua mengine 10. Ndani ya wiki tano kila daftari limepita mikononi mwake.

Madaftari hayo 10 yanachaguliwa kwa safu ya kukaa au kwa namba za rejesta, na hayatangazwi mapema. Ndani yake mwalimu hutafuta mambo mawili: kosa linalojirudia, ambalo litafunguliwa darasani, na urafiki katika kusahihisha, pale vema zinapowekwa kwenye majibu yaliyokosewa. Urafiki ukionekana, anabadilisha mpangilio ili madaftari yavuke safu nzima badala ya kwenda kwa jirani. Na alama za kusahihishana hazipaswi kuingia kwenye tathmini endelevu ya mwanafunzi. Zinazoingia humo ni za jaribio au mtihani uliosahihishwa na mwalimu mwenyewe.

Insha na ufupisho ni aina ya pili, na hapo jicho la mwalimu ni la lazima. Dawa yake ni zamu ya mikondo. Wiki hii wanaoandika insha ni Kidato cha Kwanza A peke yao, wiki ijayo B, na kadhalika. Kwa dakika nane, insha 50 ni saa 6 na dakika 40. Muda huo hushuka hadi kama dakika tano kwa insha endapo mwalimu ataacha kuandika sahihisho juu ya kila kosa na kutumia herufi pambizoni: T kwa tahajia, U kwa upatanisho wa kisarufi, K kwa uakifishaji, M kwa mpangilio wa mawazo. Mwisho wa insha huandikwa sentensi moja tu, ikitaja jambo moja la kurekebisha. Mwanafunzi akirudishiwa daftari hutafuta mwenyewe kosa lililo kwenye mstari wenye T, kisha anaandika upya aya yenye makosa mengi. Insha 50 kwa dakika tano ni saa 4 na dakika 10, na baada ya wiki sita kila mwanafunzi kati ya 300 ameandika insha iliyosomwa kweli.

Kwa mpango huo, kusahihisha kunachukua saa 6 na dakika 10 kwa wiki badala ya 15, na sasa insha imo ndani. Ukijumlisha na saa 2 na dakika 40 za maandalio unapata saa 8 na dakika 50. Nafasi za ratiba ni saa 10 na dakika 40. Kazi imeenea, na zimebaki karibu saa mbili za rejesta, shajara ya darasa na mwanafunzi anayetaka kuuliza swali.

Hesabu hiyo huvunjwa na jambo moja ambalo walimu wapya husahau kulipanga, nalo ni wiki ya zamu. Mwalimu wa zamu hufika kabla ya wanafunzi, husimamia usafi, mstari wa asubuhi, uchelewaji na chakula cha mchana, hufuatilia madarasa yasiyo na mwalimu, na jioni hujaza kitabu cha zamu. Nafasi zake zote za wiki hiyo zimeliwa. Orodha ya zamu ikibandikwa mwanzoni mwa muhula, wiki hizo ziwekewe alama kwenye azimio la kazi, na ndani yake kusiwe na insha wala jaribio. Marudio ya mada, kazi za vikundi na usomaji darasani ndivyo vinavyofaa wiki ya zamu. Wiki ya kuandaa mitihani ya muhula nayo ipangwe hivyohivyo.

Nafasi hizo 16 zitamfaa mwalimu ikiwa tu ni zake kweli. Hapa ndipo mipaka inapoingia, na mpaka wa kwanza ni wa ndani ya ofisi ya walimu. Nafasi ya mwalimu mpya huonekana kama mali ya kila mtu. Mwenzake anamwambia, “Mwalimu, naomba unishikie Pili B, nafika mjini mara moja.” Kukataa kila mara kutamtenga na wenzake, na kukubali kila mara kutamrudisha kwenye kusahihisha usiku. Jibu linalofanya kazi ni la kubadilishana: “Sawa, nitakushikia leo. Alhamisi kipindi cha tano na wewe unishikie Kwanza C.” Anayehitaji msaada kweli atakubali. Aliyezoea kutegea ataacha kuomba. Katika nafasi mbili ndefu za wiki ni vyema mwalimu akae maktaba au kwenye darasa lililo tupu, kwa sababu ofisini mazungumzo hayaishi.

Mpaka wa pili unahusu majukumu ya ziada, na ndio mgumu zaidi, kwa kuwa mwalimu wa serikali huanza kazi akiwa kwenye kipindi cha matazamio, kwa kawaida miezi 12, kabla ya kuthibitishwa kazini. Katika muda huo kila ombi la mkuu wa shule husikika kama mtihani. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anajikuta mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo, msimamizi wa klabu na mwandishi wa vikao. Hakuna haja ya kusema “siwezi”. Kinachotakiwa ni kumwonyesha mkuu orodha na kumwachia uamuzi: “Mkuu, jukumu hili nalipokea. Kwa sasa nina vipindi 24, ni mwalimu wa darasa na nina michezo. Naomba unielekeze lipi nilipunguze ili hili lifanyike vizuri.” Maneno hayo yana heshima, yana hesabu, na yanarudisha suala kwa mwenye mamlaka ya kugawa kazi. Yakisemwa kabla ya kupokea jukumu huwa ni mashauriano. Yakisemwa mwezi mmoja baadaye, kazi ikiwa imelala, huonekana kama visingizio.

Mpaka wa tatu ni wa simu na nyumba. Namba ya mwalimu ikishaingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, maswali huja hadi saa nne usiku. Kikao cha kwanza cha wazazi ndicho mahali pa kutangaza utaratibu: ujumbe hujibiwa siku za kazi hadi saa 12 jioni, na dharura ya mtoto hupigiwa simu. Tangazo hilo lina maana iwapo mwalimu mwenyewe atalitii. Akijibu ujumbe mmoja saa tatu usiku, amefuta utaratibu wake. Anayeishi kwenye nyumba za shule ana kazi zaidi, kwani mlango wake uko hatua chache kutoka darasani. Mwanafunzi mwenye swali akutane naye ofisini au darasani, si nyumbani. Utaratibu huo unalinda mapumziko ya mwalimu, na unamlinda yeye na mwanafunzi pia dhidi ya maneno.

Mwalimu anayetaka kujua kama mpango wake unafanya kazi atazame dalili zilizo karibu. Madaftari yanayokaa mezani zaidi ya wiki mbili yanaonyesha kwamba anatoa kazi nyingi kuliko anazoweza kusoma, na kinachopasa kupungua ni kazi anazotoa. Andalio linaloandikwa baada ya kipindi linaonyesha kwamba mifupa ya somo haijakaa. Kushika fimbo upesi kuliko mwanzo wa muhula kwa kosa lilelile kunaonyesha uchovu wa mwalimu zaidi ya utundu wa darasa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linautaja uchovu utokanao na msongo wa kazi usiodhibitiwa kuwa na sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Mwalimu anayeziona zote tatu, na usingizi ukawa umempotea kwa wiki kadhaa, amevuka pale ambapo ratiba peke yake inaweza kumsaidia. Anahitaji kumwona daktari na kuzungumza na mkuu wake kuhusu kupunguziwa kazi.

Njia hizi zina kikomo, na kikomo chenyewe ni idadi. Mkondo ukiwa na wanafunzi 100 badala ya 50, madaftari ya sampuli yatahitaji wiki 10 kuzunguka, na insha za mkondo mmoja zitachukua zaidi ya saa nane kwa wiki hata kwa kutumia herufi. Hapo hakuna ujanja wa mwalimu mmoja utakaoziba pengo. Kilicho mikononi mwa shule ni kugawana: walimu wawili wa somo moja waandike maandalio kwa zamu, mmoja Kidato cha Kwanza na mwingine cha Pili, na wabadilishane. Kilicho mikononi mwa mkuu wa shule ni kukubali rasmi andalio la pamoja na usahihishaji wa sampuli, ili mwalimu mpya asilazimike kuvifanya kwa kujificha, na kumpa mwaka wa kwanza bila jukumu la ziada zaidi ya moja. Kinachobaki, yaani walimu wa kutosha na madarasa ya kutosha, ni wajibu wa serikali. Mwalimu aliyezihesabu saa zake ataweza angalau kuuonyesha upungufu huo kwa tarakimu.